Uliza kwanza njia aliyopita

Maneno kwa wazazi wenye watoto ku masomo. Kusoma: Marko 2:1-12

 

Wapendwa, nimeshika chaki miaka mingi. Ndiyo maana wazee waliniomba niongee leo juu ya watoto wanaochelewa ku masomo, na wale wanaokosa siku. Lakini nitaanza na kosa langu mwenyewe, ili musifikiri kama nimekuja kuwahukumu.

Nilikuwa mwalimu wa mwaka wa tatu wa primeri. Tulikuwa tunaanza saa moja na nusu. Katika darasa langu kulikuwa binti mumoja aliyefika saa mbili karibu kila siku. Nilikuwa na desturi ya kupigisha magoti watoto wote waliochelewa, pale mbele karibu na bodi, mpaka somo la kwanza liishe. Binti huyo alipiga magoti wiki mbili. Wiki ya tatu hakuonekana tena. Katika rejista niliandika tu kama hayuko, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya ine. Siku ya tano, roho yangu ilinisumbua. Kisha masomo nilipanda Cimpunda, nikauliza nyumba yao.

Nilikuta mama yake anaosha tomati za kuuza. Akaniuliza: "Mwalimu, kuko shida gani? Mutoto anakuja kwenu kila siku." Nikamwambia: "Mama, ni siku tano sijamuona." Yule mama akakaa chini kwenye ngazi.

Tukamwita binti, tukamuuliza polepole. Mama anatoka saa kumi na moja asubuhi kwenda soko la Kadutu, ili akute tomati mbele bei haijapanda. Baba alikuwa mbali, kwenye machimbo. Kwa hiyo binti ndiye anabakia na nyumba. Anachukua bidoni mbili, anapanga musururu kwenye robine. Siku zingine maji inakuja mapema, siku zingine inakuja saa moja. Akirudi, anavalisha mudogo wake, anamupeleka kwa bibi, ndipo anaanza kukimbia. Alipochoka na magoti, akifika karibu na mulango wa masomo na kusikia wenzake wameanza kusoma, anageuka. Anaenda kuzunguka sokoni mpaka saa sita na nusu, kisha anarudi nyumbani pamoja na wengine.

Wapendwa, tulikuwa watu wakubwa wawili, na kila mumoja alikuwa na nusu ya habari. Mama hakujua magoti. Mimi sikujua maji. Mutoto wa miaka tisa ndiye alibeba nusu zote mbili, peke yake, na muzigo ukamushinda.

Sasa muangalie Marko sura ya pili. Yesu ako ndani ya nyumba, ameanza kufundisha, watu wamejaa mpaka mulangoni. Ndipo wanakuja watu wane wanabeba mugonjwa asiyeweza kutembea. Wamechelewa. Mulango umezibwa. Wanapanda juu, wanafungua paa, wanamushusha katikati ya mafundisho. Ningekuwa mimi na chaki yangu, ningeuliza: ninyi mulikuwa wapi wakati wengine wanakuja? Lakini Yesu hakuuliza vile. Aliona imani yao. Aliona kama mutu huyu hangeweza kufika kwa miguu yake, na kama alifika kwa sababu kulikuwa mabega ya watu wengine. Somo la leo liko pale. Kuko mutoto anayechelewa kwa uvivu, ndiyo. Lakini kuko mutoto ambaye hawezi kufika saa yake kama hakuna mabega ya kumubeba. Mutu anayeona tu saa aliyofika hawezi kuwatofautisha. Lazima kuuliza njia aliyopita.

Jambo la kwanza: tujue ni nini inapotea.

Wazazi wengi wananiambia: "Mwalimu, ni nusu saa tu." Basi tuihesabu pamoja. Tuache Samedi pembeni, tuchukue siku tano za wiki. Nusu saa mara tano ni saa mbili na nusu. Wiki ine ni saa kumi. Mutoto wa asubuhi anayeanza saa moja na nusu na kutoka saa sita na nusu anasoma saa tano kwa siku. Kwa hiyo, huyo wa nusu saa amepoteza siku mbili nzima kila mwezi, na rejista haionyeshi hata siku moja, kwa sababu alikuwako.

Tena hapotezi kidogo ya kila somo. Anapoteza somo lile lile kila siku, lile la kwanza. Kama mwalimu ameweka hesabu asubuhi, wakati vichwa viko baridi, basi mutoto huyo hana hesabu. Mwisho wa mwaka mutasema kichwa chake hakishiki hesabu. Hapana. Hakuikuta.

Muzazi anaweza kuona jambo hilo nyumbani, hata kama hakusoma sana. Siku ya posho, fungua makaye ya mutoto. Kila somo linaanza na tarehe. Angalia kama tarehe zinafuatana, ao kama kuko siku zimerukwa. Kama kaye moja ni nyembamba kuliko zingine, ile ndiyo somo anayokosa akichelewa. Kisha omba kaye ya mutoto wa jirani wa darasa lile lile, uziweke pamoja. Mama yule wa Cimpunda angefanya vile siku ya pili, angejua. Na ukiona tarehe zinakosekana, usichukue fimbo. Uliza: "Siku hii ulipita wapi?" Fimbo itakupa uongo muzuri, na wiki inayofuata atanakili tarehe kwa rafiki yake.

Jambo la pili: asubuhi inatengenezwa mangaribi.

Narudi kwa binti yetu. Mimi, mama yake na bibi yake tulikaa tukahesabu kwa kurudi nyuma. Kufika kabla ya kengele ni saa moja na dakika 20. Kutembea, kwa miguu ya mutoto, ni dakika 35. Kwa hiyo anatoka saa kumi na mbili na dakika 45. Kunawa, kuvaa na kula kitu kidogo, nusu saa. Basi anaamuka saa kumi na mbili na robo. Angalieni: kwetu jua linatoka karibu na saa kumi na mbili mwaka wote. Katika hesabu hiyo hakuna nafasi ya robine. Hata tungemupigisha magoti mwaka muzima, nafasi haingeonekana. Na kumuamusha saa kumi ili apange musururu ni kumutuma binti katika giza, jambo ambalo hakuna muzazi hapa atakubali.

Kwa hiyo tulihamisha maji. Bidoni zikajazwa mangaribi, na siku maji inakuja usiku, mukubwa ndiye anaenda, si mutoto. Bidoni moja ikafungwa na kuwekwa pembeni, ya asubuhi tu, hakuna kuigusa usiku. Mudogo wake akaanza kulala kwa bibi siku za soko, ili asubuhi kusiwe kumubeba. Nguo, kaye na bike vikawekwa pamoja mbele ya kulala. Hakuna franka iliyotoka.

Na ninyi mufanye hesabu ya nyumba yenu. Lakini njia muipime kweli. Muzazi atembee siku moja na mutoto, na saa mukononi, kwa mwendo wa mutoto. Milima ya Bukavu inadanganya: mutu mukubwa anasema "ni hapa tu", na mutoto wa miaka sita mwenye mukoba anatumia mara mbili. Wakati wa mvua uongeze, kwa sababu vile vijia vya udongo vinateleza, na mutoto anatafuta njia ya kuzunguka.

Jambo la tatu: gari na pikipiki.

Najua kuko nyumba ambazo mutoto anaenda siku kuko pesa ya taksi-moto, na siku hakuna, anabakia. Saa moja asubuhi kule Essence na Nyawera, hata mwenye pesa anasimama mustari na magari hayasongi. Sisemi muzazi huyo amekosa. Nasema tusifunge masomo ya mutoto kwenye pikipiki, kwa sababu siku pikipiki inakosa, masomo nayo yanakosa.

Kama njia inaweza kutembewa, tafuteni watoto wane ao watano wa avenyi yenu wanaoenda upande mumoja. Wachague pahali pa kukutana, kwenye duka ao kwenye mulango wa kanisa, na saa ya kutoka isiyongoja mutu. Muzazi mumoja anawasindikiza kila siku, kwa zamu: huyu siku ya kwanza, yule ya pili. Mama wa soko hawezi zamu ya asubuhi? Achukue ile ya kuwapokea muchana, ao atoe mboga kidogo kwa yule anayetembea. Asiachwe inje kwa sababu kazi yake inaanza saa kumi na moja. Wale watu wane wa Marko hawakumuuliza mugonjwa atawalipa nini. Na pesa kidogo ya taksi-moto, muiweke kwa siku ya homa ao ya mvua kubwa.

Kama njia haiwezi kutembewa hata kidogo, muongee na direktere mapema, mbele ya mwezi wa tisa, juu ya masomo mengine ya karibu. Mutaombwa buletini ya mutoto, kwa hiyo muitunze. Kuko pia masomo yenye darasa za asubuhi na za kisha-muchana. Kwa mama anayerudi sokoni saa ine, darasa la kisha-muchana linaweza kuwa dawa. Lakini muangalie saa ya kutoka, zaidi kwa mabinti, kwa sababu usiku unaingia haraka na mvua ya jioni haina huruma.

Na juu ya mvua, musikie vizuri. Mvua ikinyesha kwa nguvu, na mutoto anapaswa kuvuka mufereji ao kupita chini ya mulima unaoporomoka, muache mutoto nyumbani. Hakuna somo linalolingana na roho yake. Lakini mvua ikikatika saa mbili, umupeleke saa mbili. Wengi wanasema: "Siku imekwisha haribika." Haijaharibika, imebakia saa ine.

Jambo la ine: kusema kweli mbele ya kuulizwa.

Muzazi mwenye haya anajificha. Naelewa. Februari 2025, vita ilipofika katika muji wetu, masomo yalifunga milango, banki zikafunga, na watu wengi waliokuwa na kazi walijikuta mikono mitupu. Mutu aliyekuwa analipa mwenyewe, leo anaona haya kupita mbele ya direktere. Kwa hiyo anamuacha mutoto nyumbani mpaka atakapopata. Wapendwa, deni la muzazi si zambi ya mutoto. Katika primeri za serkali, pamoja na zile za makanisa zilizo katika mapatano na serkali, kusoma ni bure tangu mwezi wa tisa wa 2019. Kama mutoto wa primeri hizo anafukuzwa juu ya pesa, muende kuuliza kwa heshima kwa direktere, na pamoja na komite ya wazazi, lakini musimufiche. Katika sekondari pesa inaombwa, ni kweli. Hata huko, kwenda kuomba siku za kulipa kunafungua mulango kuliko kutoonekana.

Mwalimu hahitaji hadisi yote ya nyumba yako. Maneno matatu yanatosha. La kwanza, sababu: "Mwalimu, natoka saa kumi na moja kwenda soko." La pili, siku: "Kuchelewa kutakuwa siku ya pili na ya tano." La tatu, kile unachofanya: "Bibi yake atamusindikiza, nimeomba kaye kwa mwenzake." Kama huwezi kwenda, mutume jirani, ao umupe mutoto karatasi kidogo. Mwalimu anayejua sababu anaweza kupanga. Mimi, kisha kujua habari ya binti yule, nilihamisha diktee kutoka saa moja na nusu mpaka saa mbili na nusu. Haikunikatisha kitu.

Na ndani ya nyumba muweke sheria moja: hata ukichelewa, fika. Muambie mutoto kwa kinywa chako. Mutoto anayechelewa na kuogopa anaweza kugeuka, na huko anapogeukia si kwa malaika. Na akirudi na kusema "leo nilichelewa, nikapigwa magoti", usiongeze fimbo juu yake. Amekuambia kweli. Wewe nenda ukaongee na mwalimu.

Ninyi walimu munaonisikiliza, nasema nanyi kama mwenzenu. Mutoto wa primeri hana saa, hana robine, hana gari. Muandike saa aliyofika, mumukalishe, asome. Kisha muulize muzazi.

Na sasa neno kwa sisi kanisa, na hapa tusikimbie. Mara zingine ni sisi tunaochelewesha watoto. Tunafanya maombi ya selule siku ya tatu mpaka saa ine usiku, mama ako na watoto wanalala kwenye mabenchi, na asubuhi tunashangaa kama hawaamuki. Kwaya inarudia nyimbo usiku, na vijana wa mwaka wa sita wako ndani. Ninaomba wazee: kesha liwe usiku wa kuamkia posho ao Yenga, na maombi ya katikati ya wiki yaishe saa mbili usiku, ili mutoto alale. Mungu hatakosa kusikia. Na musisome majina ya nyumba zenye watoto wanaokosa masomo mbele ya kusanyiko, hata kwa kuwaombea. Haya ikipita mulangoni, muzazi harudi, wala ku masomo wala kanisani. Mama wawili ao watatu wa avenyi waende kimya, wakae, waulize: "Asubuhi yenu inakuwa namna gani?" Kisha waone bega gani linakosekana.

Mutaniuliza binti wa Cimpunda aliishia wapi. Alirudi siku ya kwanza ya wiki iliyofuata, pamoja na watoto watatu wa avenyi yake. Hakufika saa yake kila siku. Siku za soko kubwa aliendelea kuchelewa dakika kumi, na mimi niliendelea kuandika dakika kumi, na akaingia, akakaa, akafungua kaye. Mwisho wa mwaka alipanda mwaka wa ine. Siku ya kupeana mabuletini, mama yake alikuja na kikapu cha tomati. Nilichukua tomati mbili tu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na deni kwake.

Tusimame tuombe. Baba, unajua saa tunayoamuka na muzigo tunaobeba. Utupe macho ya kuona njia ambayo mutoto wa jirani amepita leo, na utupe mabega. Katika jina la Yesu, amina.